Kusafisha picha ya chumba cha kupangisha: dhana potofu na ukweli

Sebule niliyoipiga picha safari hii ilikuwa bado na mtu. Mpangaji alikuwa anahama mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba alitaka tangazo litoke mapema. Pembeni ya dirisha palikuwa na maboksi matatu na kapu la nguo. Waya wa ekstensheni ulikatiza sakafu kutoka mlangoni hadi ukuta wa runinga. Runinga yenyewe ilitundikwa ukutani, na nyaya tatu zikining'inia chini yake. Karibu kila kosa ninaloliona kwenye picha za matangazo lingeweza kufanyika ndani ya chumba hicho kimoja, kwa hiyo nitarudi kwake mara kwa mara.

Dhana: Ukifuta kitu chochote pichani, umeshadanganya.

Si kweli. Tangazo halimuuzii mtu nguo za mpangaji wa zamani. Vitu vinavyotoka na mwenyewe siku ya kuhama, kama maboksi, viatu, vyombo na chaja ya simu, si sehemu ya chumba, na kuviondoa kunamsaidia anayetafuta nyumba kuona anachokilipia. Swali ninalojiuliza ni moja: mpangaji mpya akifungua mlango siku ya kwanza, kitu hiki atakikuta? Kama hatakikuta, kinaweza kutoka pichani. Kama atakikuta, kinabaki, hata kama kinaudhi macho. Ufa, doa la maji, kigae kilichovunjika, bomba lililopita nje ya ukuta, nguzo ya umeme inayoziba dirisha: vyote hivi vinabaki.

Jibu hilo ni jepesi kwa viatu. Linakuwa gumu pale kitu cha kuondoka kinapofunika kitu cha kubaki, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza bila nia mbaya.

Dhana: Programu ikifuta kitu, inatuonyesha kilichokuwa nyuma yake.

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu hata mtu mwaminifu anaweza kuiamini. Kamera inanasa mwanga uliofika kwenye lenzi. Mwanga kutoka ukuta ulio nyuma ya boksi haukufika, kwa hiyo hakuna mahali popote kwenye faili ambapo ukuta huo umehifadhiwa. Zana ya `Heal` au `Clone` kwenye GIMP inachukua rangi na umbile la sehemu unayoichagua na kuvipachika pale unapopaka. `Healing` ya Snapseed nayo inajaza kwa kuangalia sehemu za jirani. Programu mpya zaidi zinabuni kabisa, kwa kufuata mazoea ya picha nyingine nyingi. Zote zinakupa ukuta unaofanana na jirani yake, na jirani akiwa mzima, ukuta uliobuniwa nao unatoka mzima.

Turudi kwenye maboksi ya dirishani. Ningeyapaka kwa `Heal`, ningepata kona laini ya rangi ya maziwa ndani ya dakika mbili. Badala yake tuliyasogeza. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kwa kimo cha kama shubiri moja kutoka sakafuni, na unga mweupe wa chumvi umejitokeza juu ya plasta. Hiyo ni dalili ya unyevu ndani ya ukuta. Mpangaji hakuwa anaficha chochote. Alikuwa hajayasogeza maboksi yale kwa muda mrefu. Lakini picha iliyofutwa kwa zana ingekuwa imetangaza ukuta mzima ambao haupo, na mimi ningekuwa nimeapa kwa macho yangu juu ya kitu nisichokiona.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: zana ya kufuta naitumia tu mahali ambapo nimeshaona kwa macho kilichopo nyuma. Na pale panapokuwa na vitu vingi visivyo na pa kwenda, sifuti kabisa. Napiga picha mbili.

Namna yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Weka kamera au simu kwenye tripodi, kimo cha kama mita 1.2, na usiiguse tena. Funga mwangaza na fokasi. Kwenye simu nyingi unabonyeza skrini kwa muda hadi alama ya kufunga itokee. Tumia saa ya kuhesabu sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Zima feni, maana pazia likipepea picha hazitalingana. Piga ya kwanza vitu vikiwa upande wa kushoto, visogeze vyote kulia, piga ya pili. Fanya haraka, kabla wingu halijapita mbele ya jua.

Kwenye GIMP fungua zote mbili kwa `File > Open as Layers`. Bonyeza kulia kwenye tabaka la juu, chagua `Add Layer Mask`, kisha `White (full opacity)`. Chukua brashi laini yenye rangi nyeusi, upake juu ya vitu. Kila unapopaka, picha ya chini inajitokeza, na inayojitokeza ni sakafu yenyewe na ukuta wenyewe, vikiwa na madoa yao. Kabla ya kupaka, jaribu jambo moja: badilisha `Mode` ya tabaka la juu iwe `Difference`. Kama kamera haikusogea, picha yote inakuwa nyeusi isipokuwa pale vitu vilipohamishwa. Ukiona kingo za milango zinang'aa kwa mistari myembamba, tripodi iliguswa, na ni afadhali kurudia kupiga kuliko kuhangaika kulinganisha. Baada ya jaribio rudisha `Mode` kuwa `Normal`.

Ugumu unaobaki ni kivuli. Boksi likisogea, kivuli chake nacho kinasogea, na boksi jeupe likiwa karibu na ukuta linaurudishia mwanga kidogo. Paka hadi nje ya kivuli, usiishie kwenye kingo ya boksi.

Dhana: Waya ni uchafu tu, futa wote.

Nyaya zina aina, na kila aina inasema jambo tofauti kuhusu nyumba. Ule wa ekstensheni uliokatiza sakafu ulikuwa mali ya mpangaji. Tuliuchomoa na kuukunja, ikaisha. Hata zana haikuhitajika. Ila ulikuwapo kwa sababu: soketi ya sebule ile ni moja tu, karibu na mlango. Waya ukiondoka, soketi lazima ibaki inaonekana. Kwa hiyo nilisogeza kamera hatua moja kulia ili soketi iingie kwenye fremu. Anayesoma picha vizuri ataona ukuta wa runinga hauna soketi, na atajua alete waya wa urefu gani.

Waya wa intaneti uliopigiliwa juu ya mlango na kuingia kwenye kijibomba cha plastiki ulikuwa habari nyingine. Ule unabaki na nyumba. Kuufuta kunampa mpangaji mlango safi ambao hataukuta.

Nyaya za runinga ndizo zilizotutia kwenye mabishano. Mwenye nyumba aliniomba nizifute na kuiacha runinga. Nilimwuliza runinga inabaki au inaondoka. Inaondoka, akasema. Basi, nikamweleza, picha yenye runinga isiyo na nyaya inasema mambo mawili: kwamba runinga ni ya nyumba, na kwamba nyaya zimepitishwa ndani ya ukuta. Yote mawili si kweli. Yupo atakayekuja na runinga yake akitegemea kuiona njia ya nyaya ndani ya plasta, akute ukuta mtupu. Tulikubaliana runinga ishushwe kwa dakika 10. Bano lake la chuma likabaki ukutani pichani, kwa kuwa mwenye nyumba alilinunua yeye. Kama bano nalo lingeondoka, matundu ya skrubu yangepaswa kuonekana hadi yatakapozibwa.

Dhana: Doa litapakwa rangi wiki ijayo, kwa hiyo naweza kulifuta leo.

Picha inaonyesha chumba kilivyo siku ilipopigwa. Fundi anaweza kuchelewa, fedha inaweza kukosekana, na unyevu uliopakwa rangi juu bila kutibiwa hurudi. Paka kwanza, piga baadaye. Ukishindwa kungoja, tangaza na doa lake na uandike linarekebishwa lini.

Dhana: Hakuna atakayegundua.

Watu wanagundua, na kwa kawaida si pale ulipofuta. Wanagundua kwenye kioo cha kabati ambacho bado kinaonyesha kapu la nguo. Wanagundua kivuli kilicholala sakafuni bila mwenyewe, au picha ya pili ya tangazo hilohilo, iliyopigwa kutoka pembe nyingine, ambayo bado ina waya. Sakafu ya vigae ndiyo shahidi mkali kuliko wote: mistari kati ya vigae hukimbia kuelekea sehemu moja, na zana ya kufuta huipinda au kuikata katikati. Kuza picha hadi asilimia 100 na uifuate mistari hiyo kwa jicho kutoka ukuta hadi ukuta. Tafuta pia doa moja la mbao au alama moja ya plasta inayojirudia kwa umbo lilelile. Hiyo ni alama ya `Clone`.

Ukiona hitilafu ya namna hiyo kwenye kazi yako, usiiremberembe. Aliyeiona kwenye tangazo hatajua kama ulifuta kiatu au ufa. Atadhani ufa.

Dhana: Picha ikiwa safi na ya kweli, maelezo hayahitajiki.

Hata picha zilizounganishwa kwa njia ya fremu mbili zimehaririwa, na anayepanga ana haki ya kujua. Mimi hutunza picha asilia zote bila kuzigusa, na yeyote anayeuliza anaonyeshwa. Chini ya picha za sebule ile tuliandika hivi:

"Picha zimepigwa mpangaji wa sasa akiwa bado ndani, vitu vyake vimeondolewa kwenye picha. Sofa na runinga havimo katika upangaji, bano la runinga linabaki. Sebule ina soketi moja, karibu na mlango. Ukuta chini ya dirisha una unyevu, tazama picha ya 4."

Picha ya 4 ni ile kona, imepigwa kwa karibu mchana, maboksi yakiwa yamesogezwa.