Mfiwa amerudi kazini: namna ya kumsalimu bila kumhoji

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Anayekwenda kuzika Bukoba akitokea Mtwara, siku nyingi kati ya hizo huishia kwenye basi. Kwa hiyo watu wengi hurudi kazini msiba ukiwa bado mbichi, na sisi maafisa ustawi wa jamii husikia malalamiko yaleyale: siku ya kwanza kazini ilimchosha mfiwa kuliko siku ya mazishi, kwa sababu ya maswali.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliyefiwa na mama yake. Kufikia saa nne asubuhi watu sita wameshamuuliza, "Mama alikuwa anaumwa nini?" Kila anayeuliza ana nia njema, lakini mwalimu analazimika kurudi wodini mara sita, na mara ya saba iko mlangoni. Maswali mengine huchoma zaidi: "Mlichelewa kumpeleka hospitali?" Hilo hata likiulizwa kwa upole ni shutuma, na mara nyingi mfiwa mwenyewe analala nalo kila usiku.

Salamu ya kawaida nayo ina mtego wake. Ukimwambia "Habari za asubuhi?" atajibu "Nzuri", maana ndivyo tulivyolelewa. Anza na pole. Kama amekuzidi umri, shikamoo itangulie: "Shikamoo, mwalimu. Pole sana na msiba. Karibu tena." Kisha nyamaza kidogo. Huenda akasema, "Asante, tumeshapoa." Ni jibu la adabu tu, usilichukue kama taarifa kwamba yuko sawa, wala usilifanye mlango wa kumchimba. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe. Hapo sikiliza, bila kuingiza habari za msiba wako wa mwaka juzi. Akijibu kwa mkato, akakusanya madaftari au kuangalia simu, mwachie: "Haya mwalimu, nisikucheleweshe."

Unapotoa msaada, "Ukihitaji chochote niambie" haisaidii sana. Inamwachia mtu aliyechoka kazi ya kufikiri anahitaji nini na nani wa kumwomba. Taja jambo moja dogo unaloliweza, na umpe nafasi ya kukataa: "Kipindi cha nne sina darasa. Nikushikie darasa la tano, au utaingia mwenyewe?" Akisema ataingia mwenyewe, kubali mara moja. Wapo wanaopumua wakiwa mbele ya wanafunzi. Unaweza kumuuliza tena baada ya wiki, wakati wageni wameshaondoka na nyumba imebaki kimya. Ukimwandikia ujumbe, ongeza "wala usihangaike kujibu." Rambirambi mpe mkononi, mambo ya kutangaza nani katoa kiasi gani kwenye kundi la WhatsApp mimi siyapendi hata kidogo.

Kwa mtu unayehisi anaumwa, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hujui. "Mbona umekonda hivyo?" tunaisema kama salamu, lakini mbele za watu ni kumfungulia mwenzio kesi. Kukonda kunaweza kutokana na kisukari, kifua kikuu, dawa anazotumia, au mawazo tu, na katika nchi yetu wasikilizaji huwahi kuwaza VVU. Usiseme lolote kuhusu mwili wake. Mkiwa wawili, "Pole na majukumu, nilikuwa nakuwaza" inatosha kumpa nafasi ya kuzungumza, au ya kuitikia na kupita zake.

Kuna wakati, hata hivyo, kutouliza ni hatari. Mfiwa au mgonjwa akianza kusema "bora ningekwenda mimi" au "mtapumzika nikiondoka", akagawa vitu vyake bila sababu, au akaacha kabisa kula, mpeleke faragha umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi, mara nyingi humtua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Akikubali, usimwambie ajikaze wala usianze kumhubiria. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu ya wadudu na vitu vyenye ncha kali, kisha mwambie mtu mmoja anayemwamini na muende naye hospitali siku hiyohiyo. Mapokezi semeni wazi kwamba anafikiria kujiua, ili asiachwe kwenye foleni ya kawaida.