Changanua, onyesha, unda: vitenzi vya tasnifu na vinavyoandamana navyo

Wanafunzi wengi ninaowasimamia tasnifu za Kiswahili wanayajua maneno ya kitaaluma. Maana ya changanua, onyesha na unda wanaieleza bila shida. Shida huanza neno linapoingia kwenye sentensi, kwa sababu kila kitenzi kina mtendaji wake na kina kinachokubali kufuata nyuma yake, na hayo kamusi huyagusia kwa uchache mno.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amekusanya misemo 120 ya kanga kutoka maduka ya Kariakoo, na 66 kati yake inahusu mapenzi. Sura ya nne anaiandika hivi: “Data zinachanganua kuwa mapenzi yanaunda asilimia 55 ya misemo, jambo linalothibitisha kuwa wanawake wa Dar es Salaam hupendelea ujumbe wa mapenzi.” Hesabu yake ni sahihi. Vitenzi vyote vitatu vimekaa vibaya.

Kuchanganua ni kutenganisha kilichochanganyika, na kiambishi -u- kinafanya kazi ileile kinayoifanya katika funga na fungua. Kazi hiyo huifanya mtafiti, au tuseme utafiti wenyewe: “Utafiti huu unachanganua misemo ya kanga.” Data ndizo zinazochanganuliwa. Kwa hiyo sura ya tatu itasema “data zilichanganuliwa kwa kuzingatia maudhui”, na baada ya kitenzi hicho tunatarajia kitu kinachotenganishwa, kisha pengine mafungu yake: changanua misemo katika makundi manne. Hakifuatwi na “kuwa” wala “kwamba”. Ukiona “inachanganua kuwa”, jua mwandishi ameruka hatua: ametaja kazi mahali pa kutaja matokeo ya kazi.

Matokeo yana vitenzi vyake, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi. Onyesha hukubali “kuwa”, na pia hukubali nomino: “Data zinaonyesha kuwa misemo ya mapenzi ni mingi”, “Jedwali 4.1 linaonyesha mgawanyo wa misemo.” Ashiria hupenda zaidi nomino, na hufaa pale kitu kimoja kinaposimama kama ishara ya kingine. Kanga ya kisutu, kwa mfano, huashiria ndoa kwa desturi ya Waswahili. Jedwali haliashirii mgawanyo, linauonyesha waziwazi.

Halafu kuna uzito wa dai. Dokeza ni nyepesi, onyesha ni ya wastani, thibitisha ni nzito. Mwanafunzi wetu alihesabu misemo iliyokuwa dukani. Hakuwauliza wanunuzi, hakuangalia mauzo, na kanga inayojaa dukani huenda ndiyo isiyonunuliwa. Kuhusu wingi wa misemo aliyoikusanya ana haki ya kusema data zinaonyesha. Kuhusu wanachokipenda wanawake wa jiji zima hafiki hata kwenye kudokeza bila kuongeza “huenda”. Naona thibitisha ikitumika kama pambo la kufungia aya, na inanisikitisha, kwa kuwa mtahini akiiona huuliza ushahidi uko wapi, na kazi iliyokuwa nzuri huanza kutiliwa shaka.

Unda nayo ina sharti lake: sehemu zote zikikutana, kitu kizima kinapatikana. “Pindo, mji na jina huunda kanga,” mji ukiwa sehemu ya katikati na jina ule msemo ulioandikwa. Geuza upande wa pili: “Kanga huundwa na pindo, mji na jina.” Orodha inayofuata “huundwa na” inapaswa kuwa kamili. Ukitaka kutaja baadhi tu, tumia jumuisha: “Mapambo ya mji yanajumuisha maua na korosho”, na msomaji hatadhani umemaliza. Kwa sehemu ya hesabu, unda haihitajiki kabisa. Kiswahili kina “ni”, na inatosha: misemo ya mapenzi ni asilimia 55 ya data. Wanafunzi huiona “ni” kama neno dogo lisilo na usomi, wakaweka unda, na papo hapo mapenzi yakageuka kuwa fundi.

Aya ile sasa inasomeka hivi: “Uchanganuzi wa maudhui unaonyesha kuwa misemo 66 kati ya 120, yaani asilimia 55, inahusu mapenzi. Wingi huu unadokeza kuwa huenda watengenezaji wanaona ujumbe wa mapenzi una soko.” Angalia kuwa uchanganuzi, nomino, unaweza kuonyesha ingawa data haziwezi kuchanganua. Nomino hii huja na “wa”: uchanganuzi wa maudhui, uchanganuzi wa sentensi.

Ili kuzikamata kasoro hizi kwenye rasimu yako, bonyeza Ctrl+F, tafuta “kuwa”, kisha “kwamba”, na kila mara soma kitenzi kilichotangulia. Kikiwa changanua, chunguza au ainisha, sentensi irudi mezani. Kikiwa thibitisha, weka kidole kwenye jedwali au mfano unaobeba dai hilo, na usipoupata, shuka hadi onyesha.