Kiapo cha jikoni: filamu inayowaweka waumini na wasioamini kwenye benchi moja

"Kikundi chetu cha mjadala hapa Moshi kina Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na wawili wasioamini chochote. Mbona kila filamu ya dini tunayoweka inaishia kwenye ubishi wa dini ya nani imeshinda? Hakuna inayoheshimu imani na shaka kwa pamoja?"

Ipo, na si lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya waumini. Anzeni na filamu ya Iran ya mwaka 2011, Jodaeiye Nader az Simin ya Asghar Farhadi, ambayo mtaipata kwa urahisi zaidi kwa jina la A Separation. Ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na mwaka uliofuata ikapata Oskari ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haina muujiza wala mahubiri. Sehemu kubwa yake ni watu kugombana ukumbini, kwenye ngazi na mbele ya hakimu.

Kinachoharibu jioni nyingi za filamu ni dhana kwamba heshima maana yake ni mizani. Mwandaaji hutafuta filamu yenye padri mwema, shehe mwema na mpagani mwema, akiamini kila mtu ataondoka ameridhika. Matokeo yake huwa kinyume. Ukishawapanga wahusika kwa dini zao, kila mtazamaji anamfuata wa kwake kama timu: kapewa dakika ngapi, nani kamjibu, nani kapata neno la mwisho. Padri akishindwa hoja moja, Mkatoliki wa kikundi chenu anaona kafungwa yeye. Kuna dhana nyingine inayotembea na hiyo, kwamba shaka ni upande wa pili wa uwanja: anayeamini hana shaka, na mwenye shaka yuko njiani kutoka. Filamu nyingi za dini zimejengwa juu ya dhana hiyo, ndiyo maana humaliza kwa mwenye shaka kupiga magoti, au muumini kutupa kitabu chake. Zote mbili zinawaambia nusu ya watu chumbani kwamba walikosea tangu mwanzo.

Farhadi anaiweka shaka ndani ya muumini mwenyewe, tena haihusu kama Mungu yupo. Inahusu jambo lililotokea barabarani.

Kisa kwa ufupi: Nader na mkewe Simin wametengana, na Nader anamwajiri Razieh, mama maskini mwenye mimba, amtunze baba yake aliyepoteza kumbukumbu. Siku ya kwanza mzee anajikojolea. Razieh anasimama nje ya bafu, anapiga simu kwa wanaojibu maswali ya dini na kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Anaulizwa kama hakuna mtu mwingine wa kumsaidia. Hakuna. Anaruhusiwa. Binti yake mdogo, aliyekuwa anasikiliza, anamwahidi kwamba hatamwambia baba. Tukio hilo ni fupi na kamera haicheki. Mtazamaji asiye na dini anaweza kulianza kwa tabasamu, lakini kabla halijaisha ameona mtu aliyebanwa kati ya kumwacha mzee kwenye mkojo na kuvuka mpaka anaouheshimu.

Siku moja mzee anatoka nyumbani na kufika barabarani. Razieh anamkimbilia katikati ya magari, na filamu inakata hapo hapo. Hatuonyeshwi kilichofuata. Kesho yake Nader anarudi na kumkuta baba yake amefungwa kitandani na Razieh hayupo. Razieh anaporudi wanagombana, Nader anamsukuma nje ya mlango, na baadaye tunasikia mimba imeharibika. Kesi inakwenda kwa hakimu kama mauaji.

Hapo ndipo fundi alipoficha ufundi wake. Sekunde zile za barabarani ndizo zenye jibu, na Farhadi amezikata kwetu sote, waumini na wasioamini. Fikiria baraza la usuluhishi ambapo kila shahidi alisikia kishindo akiwa chumba cha pili. Mmoja anaapa ni mlango, mwingine anaapa ni mtu ameanguka, na mwenyekiti naye alikuwa chumba hicho hicho. Hakuna anayeweza kusimama juu ya mwenzake. Tangu dakika za kwanza tumekalishwa kwenye kiti hicho cha mwenyekiti: wanandoa wanaoomba talaka wanazungumza wakiitazama kamera, na hakimu haonekani, kwa sababu kamera imekaa mahali pake.

Sasa nenda karibu na mwisho. Pande mbili zimekubaliana fidia, na waliomkopesha mume wa Razieh, Hojjat, wamekaa sebuleni wakisubiri chao. Nader, ambaye si mtu wa dini sana, ana ombi moja kabla ya kutoa hundi: Razieh aape kwa Kurani kwamba mimba iliharibika kwa sababu Nader alimsukuma. Razieh anaingia jikoni na hatoki. Alishamwambia Simin kwamba gari lilimgonga siku moja kabla ya kusukumwa, na maumivu yalianza usiku ule. Hana uhakika. Hojjat anambembeleza aape tu, lakini Razieh anaogopa balaa litamwangukia mtoto wao. Hojjat anaanza kujipiga mwenyewe usoni.

Angalia nani hapo ana shaka na nani ana imani. Ni mtu yule yule. Asiyeamini kitu angeapa akachukua pesa. Ni imani yake inayoipa shaka uzito. Na filamu haimlipi kwa uaminifu huo: madeni yanabaki, haji mfadhili wala sauti kutoka mbinguni. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri cha filamu yoyote ya aina hii. Tafuta mahali ambapo muumini anapoteza kitu kwa sababu ya imani yake, kisha uangalie kama mwongozaji anamcheka au anamrudishia hasara kwa mlango wa nyuma.

Uchaga na Upare swali la kiapo halitakosa watu. Wapo watakaokumbuka habari za kuvunja chungu ili laana impate mkosaji, Wakristo watataja Mathayo 5:34 inayokataza kuapa kabisa, na Waislamu wataeleza uzito wa kiapo cha uongo. Wale wawili wasioamini waulizwe kuhusu Nader: je, ni haki kutumia imani ya mtu kama mtego, hata kama mtego wenyewe umeleta ukweli? Sioni jibu rahisi, na wapo wanaoilaumu filamu hii kwa kumbebesha maskini mwenye dini mzigo wote huku msomi akitoka na hundi zake. Lawama hiyo ina msingi.

Jambo moja la kiufundi. Filamu ina dakika 123, kwa Kiajemi chenye maandishi chini, na wazee watachoka kusoma. Msimpe kipaza sauti mtafsiri wa vibanda umiza. Hao ni hodari, lakini kazi yao ni kukwambia nani mwongo kabla hujamwona, na hapa atakuwa amezijaza zile sekunde za barabarani kwa mdomo wake. Atafutwe mtu wa kusoma maandishi kwa Kiswahili bila kuongeza neno, na simamisheni filamu Razieh akiwa bado jikoni. Swali la kwanza liwe "umeona nini?", kila mtu ajibu kwa zamu. Hapo mtagundua kuna wanaodai waliliona gari likimgonga.