Faida ya hatifungani hadi kuiva kwa kikokotoo cha dukani: yanayosemwa na ukweli wake

Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya Mbeya, Tukuyu na Iringa, hatifungani za serikali siku hizi zinajadiliwa sambamba na bei ya kahawa na parachichi. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini na madalali wa soko la hisa wanapatikana kwa simu, kwa hiyo kununua si shida tena. Kazi ipo kwenye hesabu. Dalali akishataja bei, mtu anataka kujua: nikikaa nayo mpaka iive, napata asilimia ngapi kwa mwaka?

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao mpaka mwisho. Hatifungani ina riba ya asilimia 10 kwa mwaka, inalipa kila baada ya miezi sita, na imebakiza miaka 4 kamili. Inauzwa shilingi 92 kwa kila 100 za thamani yake. Maana yake, kwa kila 92 unayotoa leo utapokea 5 mara nane, na pamoja na ile 5 ya mwisho utarudishiwa 100.

Dhana: Gawa riba kwa bei, jumlisha punguzo, umemaliza.

Hii ndiyo hesabu inayofanyika zaidi vikaoni. Riba ni 10, punguzo la 8 ukiligawa kwa miaka 4 ni 2 kwa mwaka, jumla 12. Gawa kwa 92, unapata asilimia 13.04. Inaonekana imekamilika, lakini inaichukulia ile 8 kana kwamba unapewa 2 kila mwaka, wakati ukweli ni kwamba huioni hata senti yake mpaka siku ya mwisho. Hela inayochelewa ina thamani ndogo kuliko inayokuja mapema, hivyo jibu hili limezidi.

Hata hivyo usiitupe. Ukiigawa ile 12 kwa wastani wa 92 na 100, yaani 96, badala ya 92, unapata asilimia 12.5. Hapo bado hujapata jibu, umepata pa kuanzia. Jibu ni kile kiwango ambacho, ukiyarudisha malipo yote nane hadi leo kwa kiwango hicho, thamani yao ya leo inakuwa 92 kamili, na kiwango hicho kinapatikana kwa kujaribu. Nusu yake ni 6.25 kwa miezi sita, kwa hiyo jibu la kweli liko jirani na hapo, na viwango vya kujaribu vinajileta vyenyewe: asilimia 6 na asilimia 6.5.

Dhana: Bila kompyuta au kikokotoo cha wanasayansi, huwezi kupata thamani ya leo ya malipo yote nane.

Watu wanaogopa vipeo. Wanadhani lazima utafute 1.06 kwa kipeo cha nane, halafu cha saba, na kuendelea, kila kimoja ukikiandika pembeni. Hakuna haja. Anza na malipo ya mwisho, rudi nyuma hatua moja moja:

```
105 ÷ 1.06 =  + 5 =  ÷ 1.06 =  + 5 =  ÷ 1.06 = ...
```

Ile 105 ni malipo ya mwisho, riba na mtaji pamoja. Ukiigawa kwa 1.06 unakuwa umeirudisha miezi sita nyuma, na hapo inakutana na riba ya kipindi kile, 5. Unajumlisha, unagawa tena. Skrini inakwenda hivi: 99.06, halafu 104.06, 98.17, halafu 103.17, 97.33, na kuendelea. Ukishagawa mara ya nane, acha. Usijumlishe 5 tena. Utasoma 93.79. Hakuna kumbukumbu iliyotumika wala kipeo chochote.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kupoteza hesabu ya kugawa. Ukigawa mara saba utapata 94.42, namba isiyotia shaka hata kidogo, kumbe umethamini hatifungani ya miaka mitatu na nusu. Mweka hazina anayefanya kazi hii mezani na apange punje nane za maharage, asogeze moja kila anapogawa. Mtego wa pili ni kikokotoo cha simu. Vingi hugawa kwanza kabla ya kujumlisha, kwa hiyo usipobonyeza = baada ya kila hatua, kitaigawa ile 5 peke yake na jibu litaharibika.

Kabla ya kuamini vidole vyako, jaribu na 1.05. Riba ya hatifungani hii ni 5 kwa kipindi, hivyo kwa kiwango cha asilimia 5 bei lazima itoke 100 kamili: 105 gawa kwa 1.05 ni 100, ongeza 5, gawa, 100 tena, mpaka mwisho. Ikitoka kitu kingine, kosa liko kwenye ubonyezaji.

Dhana: Bei ikitoka kubwa, punguza kiwango.

Ni kinyume. Kwa asilimia 6 tumepata 93.79, na bei ya sokoni ni 92. Tumepata kubwa mno, maana yake hatujayapunguza malipo vya kutosha, kwa hiyo kiwango kinapanda. Kwa 1.065 hesabu ile ile inatoa 90.87. Sasa 92 imebanwa katikati, na hilo ndilo tulilolihitaji: bei moja juu yake, moja chini yake.

Dhana: Viwango viwili vyovyote vinafaa, mradi bei iwe katikati.

Hapa ndipo watu wanajipunja bila kujua. Tufanye kwanza vizuri. Kutoka 93.79 hadi 90.87 bei imeshuka 2.92 kwa nusu asilimia. Sisi tunataka ishuke 1.79 tu, ifike 92. Gawa 1.79 kwa 2.92, zidisha kwa 0.5, unapata 0.306. Kiwango ni 6.306 kwa miezi sita. Mara mbili ni asilimia 12.61 kwa mwaka. Ukirudi kukagua kwa 1.06306 bei inatoka 91.99, senti moja tu pungufu ya 92.

Sasa mtu mwingine achague asilimia 5 na asilimia 8. Bei zake ni 100 na 82.76, na 92 imo katikati pia. Kwa uwiano ule ule atapata 6.39, yaani asilimia 12.78 kwa mwaka. Amezidisha kwa karibu asilimia 0.17, na si bahati mbaya. Bei haishuki kwa mstari ulionyooka kiwango kinapopanda; inashuka kwa mkunjo, kasi yake ikipungua. Uwiano wetu unachora mstari ulionyooka kati ya ncha mbili, na mstari huo hupita juu ya mkunjo, kwa hiyo jibu hukosea upande mmoja daima: linakuahidi zaidi ya utakachopata. Kadiri ncha zinavyoachana ndivyo ahadi inavyovimba. Ziachanishe kwa nusu asilimia kwa kipindi au pungufu. Ukianza na pana, tumia jibu la kwanza kuchagua mbili za karibu, urudie.

Dhana: Hiyo 12.61 unaweza kuilinganisha moja kwa moja na amana ya benki inayolipa mara moja kwa mwaka.

Hapana. Soko la hatifungani huzidisha kiwango cha miezi sita kwa mbili, basi. Kwa kulinganisha na amana hiyo, zidisha 1.063 kwa 1.063, unapata kama asilimia 13 kwa mwaka, ukichukulia kwamba kila 5 unayopokea unaiwekeza tena kwa kiwango kile kile. Na hesabu yote hii inasimama ukinunua mara tu baada ya riba kulipwa. Ukinunua katikati ya miezi sita, muuzaji anadai riba ya siku alizokaa nayo, na kipindi cha kwanza kinakuwa kifupi kuliko vingine. Hapo muulize dalali bei anayoitaja imejumlisha riba hiyo au bado.