Hela imetoka benki ila eksichenji haijaonekana: shida ni namba ya kumbukumbu au ni jina?

Kwenye kazi yetu ya malipo upande wa eksichenji meseji hii haikauki: mtu ametuma hela kutoka benki kwenda eksichenji ili anunue kripto, benki imeshakata, siku zinapita na salio bado sifuri. Wengi wanawaza wameibiwa na presha yao naielewa kabisa. Lakini kama namba ya akaunti ya mpokeaji uliiandika sawa, mara nyingi hela imeshafika kwenye benki ya eksichenji, ila mfumo haujui ni ya nani, au unajua ni ya nani ila hauruhusiwi kukuwekea. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na ukiyachanganya utazungushwa sana bila sababu.

Tuanze na namba ya kumbukumbu. Eksichenji nyingi zina akaunti moja tu benki na wateja wote wanatuma humohumo, sasa kitu kinachoonyesha kwamba hii hela ni yako ni ile namba unayopewa kwenye ukurasa wa kuweka hela, kitu kama `K7QM42XD`. Mfumo unasoma ujumbe uliokuja na malipo, ukiikuta ile namba unaweka hela kwa mwenyewe hapohapo bila mtu kugusa chochote, usipoikuta hela inaenda kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mtu akae aitafute kwa mkono. Zipo eksichenji zinazompa kila mteja namba yake ya akaunti ya benki, hapo kumbukumbu huwa haihitajiki ila jina linaangaliwa vilevile.

Na watu wengi wanaambiwa "hukuweka kumbukumbu" wanakasirika kwa sababu waliiweka kweli. Shida ni kwamba apu nyingi za benki zina sehemu mbili za kuandika, moja ni ujumbe unaosafiri na hela kwenda kwa mpokeaji, nyingine ni noti yako wewe ya kukumbuka ulituma kwa ajili ya nini, na hiyo ya pili haitoki nje ya benki yako. Ukiweka namba kwenye noti yako, kwenye stetimenti yako utaiona vizuri kabisa ila upande wetu haijafika. Kwahiyo tafuta sehemu iliyoandikwa `Reference`, `Payment details` au `Remittance information`, weka namba peke yake bila kuongeza maneno kama "malipo" au "kununua bitcoin", maana wengine wakiongeza maneno namba inakatwa mwishoni.

Jina ni habari nyingine. Hata namba ikiwa sahihi mfumo unaangalia jina la mwenye akaunti iliyotuma na kulilinganisha na jina ulilojisajili nalo kwa kitambulisho. Hii haitokani na ukali wa mtu wa sapoti. Kwa sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha eksichenji lazima ijue hela imetoka kwa nani, na hata pendekezo namba 16 la FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, linataka taarifa za mtumaji zisafiri pamoja na malipo. Hela ya mume, ya rafiki, au ya kampuni yako mwenyewe ikiingia kwenye akaunti yako binafsi ya eksichenji inahesabika ni ya mtu mwingine, na kawaida hairekebishwi, inarudishwa. Kitu kinachowashangaza wengi ni zile huduma za kutuma hela mtandaoni, wewe unaiwekea huduma hela kwa jina lako, ila yenyewe inalipa kutoka kwenye akaunti ya kampuni yao, hivyo sisi tunaona jina la kampuni tu na wewe hauonekani popote.

Kuna dada mmoja ambaye kesi yake ilikuwa na vyote viwili. Alituma euro 1,000 kwa njia ya SWIFT, yaani mtandao wa benki wa kutuma hela nje ya nchi, kumbukumbu akaandika "malipo" tu. Baada ya siku nne akafungua tiketi ya sapoti akisema ametuma 1,000, akajibiwa hakuna malipo ya 1,000 yaliyoingia, na kweli hayakuwepo, kwa sababu benki ya katikati ilikata 15 njiani ikaingia 985, na bila namba ya kumbukumbu mtafutaji alikuwa anatafuta kwa kiasi. Kwa wasiwasi akatuma tena mara ya pili, na hapo ndo akaongeza tatizo, maana sasa kulikuwa na malipo mawili yasiyo na mwenyewe.

Kilichomsaidia ni kuomba benki yake nakala ya MT103, yaani hati ya malipo yenyewe kama yalivyotumwa. Pale kuna jina na akaunti ya mtumaji, tarehe, kiasi, na namba ndefu inaitwa UETR, ina herufi na tarakimu na vistari, jumla alama 36, na hiyo inayafuata malipo kutoka benki ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa UETR zile 985 zikapatikana siku hiyohiyo, na malipo ya pili pia. Sasa likaja suala la jina, akaunti yake ya benki ilikuwa bado na jina la ukoo wa baba, eksichenji alijisajili kwa jina la ndoa. Hapa ni mtu yuleyule mwenye majina mawili, na hilo linathibitika, akatuma cheti cha ndoa na stetimenti ya benki, ikakubalika. Ingekuwa akaunti ya mumewe kile cheti kisingebadilisha kitu, hela ingerudi.

Kwahiyo ukikwama, angalia kwanza jina la akaunti iliyotuma. Kama ni lako, hata kama limepishana mpangilio au limekosa jina la kati, tuma uthibitisho mara moja ukiwa kamili: stetimenti ya PDF inayoonyesha jina, namba ya akaunti, tarehe na kiasi, na UETR kama ulitumia SWIFT. Usitume skrinshoti uliyoikata kipande ukaficha jina, hiyo tutairudisha kwako tu na siku zitapotea. Akaunti ya pamoja iulizie kabla ya kutuma, kwa sababu benki nyingine inatuma jina la mwenza mmoja tu na linaweza lisiwe lako.

Kama jina si lako, usipoteze muda kubishana, omba irudishwe. Itarudi kwenye akaunti ileile ilikotoka, na ukiomba iende kwenye akaunti nyingine utaongeza mashaka tu, kwa sababu kuingiza hela kwa mlango mmoja na kuitoa kwa mwingine ndo namna wanavyofanya wanaotakatisha. Inaweza kurudi pungufu kwa sababu ya makato ya benki, na kama sarafu ilibadilishwa njiani kiwango cha kurudi hakitafanana na cha kwenda. Unaweza pia kuiambia benki yako iombe hela irudishwe, ila malipo yakishaingia benki ya pili, benki yako haiwezi kuyavuta kwa nguvu, ni lazima mpokeaji akubali, kwahiyo hata hapo tiketi kwa eksichenji bado unaihitaji.

Na kipindi unasubiri, akikufuata mtu inbox anajifanya sapoti anakwambia ulipe ada kidogo ili hela "ifunguliwe", au anaomba paswedi na ile namba ya siri ya kuingilia, huyo ni tapeli. Makato ya kurudisha yanakatwa kwenye hela yenyewe iliyokwama, hakuna ada unayotuma pembeni.