Stetimenti tatu, jedwali moja: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mama mmoja anayenunua machungwa Muheza na kuyauza kwa jumla hapa Tanga mjini alikuja ofisini kwetu Ngamiani na bahasha. Alikuwa anaomba mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo, na chama kilitaka kuona mzunguko wa fedha zake wa Aprili hadi Juni 2024. Ndani ya bahasha mlikuwa na stetimenti za benki mbili na ya tatu ya pesa za simu. Akaniuliza, "Mwanangu, pesa ni zangu zilezile, mbona karatasi hazifanani?"

Kweli hazifanani. Moja ina safu mbili za kiasi, nyingine ina moja yenye alama ya kutoa, ya tatu inaanza na muamala wa mwisho na kushuka hadi wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuzitia kwenye jedwali moja ambalo kila stetimenti ni mstari mmoja: mwenye akaunti, namba ya akaunti, kipindi tangu na hadi, salio la kuanzia, jumla iliyoingia, jumla iliyotoka, salio la mwisho, na mwishoni hali ya mstari, umepita au uangaliwe. Hii ni kazi ninayoipenda, na ndiyo sababu inaniuma kuona watu wakiiharibu kwa dhana ambazo zingeweza kusahihishwa mapema.

Dhana: jina ndilo linalotambulisha akaunti

Benki moja iliandika majina matatu ya mama yule, nyingine mawili tu, na kwenye simu jina la ukoo lilitangulia. Jina linakiliwa kama lilivyo, bila kulinyoosha, lakini kinachounganisha mistari ni namba ya akaunti. Namba hiyo iingizwe kama maandishi. Ukiiacha iwe tarakimu, sifuri za mwanzo zinapotea, na Excel haihifadhi zaidi ya tarakimu 15 za namba. Zinazozidi zinageuzwa sifuri bila onyo lolote.

Dhana: ukiona jedwali kwenye PDF, basi ni jedwali

Faili la PDF kwa kawaida hubeba herufi na mahali pa kuzichora ukurasani. Mistari unayoiona kati ya safu ni michoro tu, haishiki kitu. Ukinakili maandishi, nafasi iliyokuwa tupu inatoweka, na unabaki na kitu kama hiki:

```
03/04/2024 MAUZO MACHUNGWA 620,000.00 2,460,500.00
05/04/2024 USAFIRI MUHEZA 185,000.00 2,275,500.00
```

Hizo 185,000 zimeingia au zimetoka? Kwenye karatasi jicho linajibu kwa kuangalia zimesimama chini ya kichwa gani. Kwenye maandishi yaliyonakiliwa jibu halipo. Kuna njia mbili za kulipata. Ya kwanza ni kutumia programu inayosoma pia mahali pa kila neno ukurasani, kisha ukalinganisha na mahali pa vichwa vya safu. Ya pili ni kuangalia salio: limeshuka kutoka 2,460,500 hadi 2,275,500, kwa hiyo zimetoka.

Mimi hutanguliza ya kwanza, kwa sababu ukitumia salio kuamua upande, umeshalitumia. Huwezi tena kulisimamisha kuwa shahidi kwamba upande uko sahihi. Litakachothibitisha ni ukubwa wa kiasi tu.

Hapo hapo kuna mtego unaowanasa zaidi waliosoma uhasibu. Chuoni tulifundishwa kwamba pesa ikiingia benki, kwenye vitabu vyako ni debiti. Stetimenti lakini imeandikwa kutoka upande wa benki, na kwao pesa yako ni deni wanalodaiwa. Kwa hiyo `Credit` kwenye stetimenti ni iliyoingia, na `Debit` ni iliyotoka. Jedwali langu halina maneno hayo kabisa. Linasema ingia na toka.

Dhana: kipindi ni tangu muamala wa kwanza hadi wa mwisho

Kijana wetu wa ofisini aliandika kwamba stetimenti ya benki ya kwanza inaanza tarehe 3 Aprili, kwa kuwa ndiyo tarehe ya mstari wa juu. Juu ya karatasi, kwa herufi ndogo, imeandikwa 01/04/2024 hadi 30/06/2024. Siku mbili zisizo na muamala nazo ni sehemu ya kipindi, maana karatasi inashuhudia kwamba siku hizo hapakupita kitu. Ukizikata, mstari wa stetimenti iliyotangulia ukiishia tarehe 31 Machi na huu ukianzia tarehe 3 Aprili, litaonekana pengo, na utaanza kumsumbua mteja akatafute karatasi ambayo haipo.

Kipimo chake ni chepesi. Kwa akaunti moja, siku ya kuanza iwe kesho yake ya siku ya kumaliza ya mstari uliotangulia, na salio la kuanzia liwe sawasawa na salio la mwisho la mstari huo. Vipindi vikiingiliana, kuna miamala itakayohesabiwa mara mbili. Tena, usichukue tarehe ya kuchapwa ukadhani ndiyo mwisho wa kipindi. Mara nyingi ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Dhana: pasipo salio la kuanzia, andika sifuri

Stetimenti ya simu ya mama yule haikuwa na salio la kuanzia. Kila mstari una salio baada ya muamala, basi. Salio la kuanzia linapatikana kwa kurudi nyuma kutoka muamala wa zamani kuliko yote, na hapo mpangilio una maana kubwa. Chini kabisa mlikuwa na mistari miwili ya dakika ileile: kutuma 40,000, salio 88,500, na makato 1,200, salio 87,300.

Ukidhani makato ndiyo yaliyotangulia, utapata 87,300 kujumlisha 1,200, yaani 88,500. Ukianza na kutuma utapata 88,500 kujumlisha 40,000, yaani 128,500. Saa haitakuambia ipi ni sahihi, ila masalio yatakuambia. Makato yangekuwa ya kwanza, kutuma 40,000 kutoka 87,300 kungebakiza 47,300, na karatasi haina namba hiyo. Salio la kuanzia ni 128,500. Kwenye jedwali naandika pembeni kwamba limekokotolewa, halikusomwa.

Dhana: hesabu ikifunga, mstari ni sahihi

Hii ndiyo iliyonileta kuandika. Kila mtu anajua kipimo chenyewe: salio la kuanzia, ongeza iliyoingia, toa iliyotoka, upate salio la mwisho. Ni kipimo kizuri, mradi namba zote nne zimesomwa kwenye karatasi kila moja kwa nafsi yake. Nimeona jedwali ambalo salio la mwisho lilikuwa fomula ya hizo tatu nyingine. Jedwali kama hilo litafunga daima, hata namba ziwe za kuokota.

Kwa hiyo mimi hushuka hadi kwenye miamala, nikapima mmoja mmoja. Kama D ni toka, E ni ingia na F ni salio, fomula ni hii, na jibu liwe sifuri kila mahali:

```
=ROUND(F2+E3-D3-F3,2)
```

`ROUND` ipo kwa sababu kompyuta huhifadhi senti kwa namna inayoweza kuacha mabaki madogo mno, na mabaki hayo yakaonekana kama kosa.

Uzuri wa mnyororo huu ni kwamba namna unavyokatika inakuonyesha pa kuangalia. Salio moja likisomwa vibaya, mistari miwili iliyofuatana inalia, kwa tofauti sawa zenye alama zinazopingana. Kwenye karatasi iliyopigwa picha, 2,273,000 ilisomwa 2,278,000: mstari wake ukatoa −5,000 na uliofuata ukatoa 5,000. Ukilia mstari mmoja tu, tazama kiasi cha mstari huo, au muamala ulioachwa kabla yake. Tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi, kama 540,000 iliyoandikwa 450,000. Na nusu ya tofauti ikiwa ndiyo kiasi chenyewe, umekiweka upande usio wake. Katika yote hayo unarudi kwenye karatasi. Kubadilisha namba ili sifuri itokee ni kughushi, hata kama nia ni njema.

Sasa stetimenti ya benki ya pili. Salio la kuanzia 1,212,000, iliyoingia 8,665,000, iliyotoka 8,904,500, salio la mwisho 972,500. Inafunga. Mnyororo nao haukukatika popote. Kijana akaandika umepita.

Lakini mwisho wa karatasi benki yenyewe ilikuwa imechapa jumla zake: `Total Credit` 9,415,000 na `Total Debit` 9,654,500. Zetu zilipungua 750,000 upande wa kuingia, na 750,000 zilezile upande wa kutoka. Tofauti mbili zilizo sawa hazitokei hivi hivi. Tulirudi ukurasa kwa ukurasa, tukakuta mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pili haimo kwenye orodha yetu. Eneo tulilolipimia programu lilikuwa limekata juu kidogo ya maandishi ya mguu wa ukurasa, na mistari hiyo miwili ikabaki nje.

Ilikuwa ni malipo ya mzigo, yakahamishwa siku ileile kwenda akaunti yake nyingine ya benki hiyohiyo, bila makato. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo, na pesa zile zilifanya hivyo hasa. Salio kabla yake na baada yake ni lilelile, kwa hiyo mnyororo haukuwa na cha kuhisi. Kipimo cha salio hakioni kitu kinachojifuta chenyewe. Kinachokiona ni jumla zilizochapwa na benki, au idadi ya miamala pale inapotajwa, au namba za kurasa kama ni ukurasa mzima uliopotea.

Kwa chama cha mikopo haikuwa tofauti ndogo, kwa sababu walichokuwa wakipima ni mzunguko, na tungeupunguza kwa robo tatu ya milioni.

Tulipanua eneo la kusoma, tukarudia kurasa zote tano, jumla zikaingia kwenye zile za benki hadi senti. Mistari ya benki zote mbili ikapita. Ule wa simu niliuacha umeandikwa uangaliwe, kwa kuwa stetimenti yake haina jumla iliyochapwa wala idadi ya miamala ya kulinganisha nayo. Nikamwonyesha mama mstari huo kabla hajaondoka, ili afisa wa mikopo akimuuliza awe anajua.