Kwa nini stata inapiga lakini injini haishiki, na taa ya ulinzi inapepesa?

"Gari langu lina betri mpya. Nikizungusha ufunguo stata inapiga kwa nguvu, lakini injini haishiki. Ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na kufuli inapepesa tu. Wameshabadilisha plagi, wamefungua na pampu ya mafuta, bado. Tatizo ni nini hasa?"

Kompyuta ya gari haijautambua ufunguo, kwa hiyo imekatalia injini mafuta na moto. Ufunguo unaingia, unazunguka, hata milango unafungua, lakini hiyo ni kazi ya meno yake ya chuma. Kwenye kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna kitu kingine ambacho gari linakisubiri, na lisipokipata, kubadilisha plagi hakutasaidia lolote.

Kitu hicho ni chipu. Ukipasua kichwa cha ufunguo wa Toyota nyingi utaikuta: kipande cheusi kigumu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi, hakina waya wala betri. Wengi hukitupa wakidhani ni kipande cha plastiki cha kujazia nafasi. Sasa tazama pale unapochomeka ufunguo. Kulizunguka tundu la swichi, chini ya kava la usukani, kuna pete ya plastiki yenye waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi. Hiyo ndiyo antena. Ukichomeka ufunguo, pete inatoa mawimbi ya sumaku, na mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu umeme wa kuiamsha kwa kitambo kifupi. Ikishaamka inajitambulisha. Yote haya hutokea ndani ya sentimita chache tu na kabla mkono wako haujafika kwenye stata.

Chipu za kizazi cha kwanza zilitaja namba moja ileile siku zote. Zilizofuata zina akili zaidi: gari linatoa swali jipya kila mara, chipu inalikokotoa kwa siri iliyomo ndani yake, inarudisha jibu. Ni kama mwenye nyumba anayejibu hodi yako kwa kukuuliza jambo ambalo mtu wa nyumbani peke yake analijua, na kesho anauliza lingine. Si kwamba siri hizo hazivunjiki. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kuwa aina moja ya chipu iliyotumika kwenye mamilioni ya magari, yenye siri ya biti 40, inaweza kunakiliwa. Lakini kwa fundi wa barabarani anayechonga ufunguo kwa mashine ya kukatia chuma, chipu ni ukuta. Anaweza kukutolea meno sawasawa kabisa na ya ufunguo wako, na gari bado likakataa.

Jibu likiwa sahihi, kompyuta ya injini inaruhusu nozeli zimwage mafuta na koili zitoe moto. Jibu likikosekana, kwenye Toyota za ufunguo wa kuzungusha stata kwa kawaida inaendelea kupiga kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mtu anasikia injini inazunguka kwa afya, anasema umeme upo, basi kasoro ni mafuta. Akitoa plagi anazikuta kavu, anazidi kuamini pampu imekufa. Kumbe plagi ni kavu kwa sababu nozeli zimeamriwa zisifunguke. Wakati mwingine injini inashika kwa sekunde moja au mbili kisha inakata, na hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa huohuo.

Kabla ya kufungua chochote, isome taa. Kwenye Toyota hizi taa hiyo hupepesa polepole ufunguo ukiwa umetolewa, na huo ni uzima: mlinzi yuko zamu. Chomeka ufunguo, izungushe swichi hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata, kisha itazame. Inapaswa kuzima. Ikiendelea kupepesa au ikibaki inawaka, ufunguo haujatambuliwa. Ikizima vizuri na injini bado haishiki, achana kabisa na habari ya chipu. Hapo kweli nenda kwenye pampu, fyuzi za mafuta na sensa ya krenki. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote na linagawa njia mbili zisizokutana. Magari ya kampuni nyingine yana desturi zao za taa, kwa hiyo linganisha na kitabu cha gari lako. Na stata yenyewe ikiwa inazunguka kwa kujikokota, rudi kwenye betri kwanza, kwa sababu volti zikianguka sana kompyuta zenyewe zinayumba na taa zinakupa majibu ya ovyo.

Nikupe mfano wa mwalimu mmoja aliyeleta RAV4 yake karakana kwetu ikivutwa kwa kamba. Plagi zote nne zilikuwa mpya, na pampu ilikuwa imeshatolewa na kurudishwa. Nilichomeka ufunguo, nikawasha swichi. Taa haikuzima. Nikapiga stata, injini ikazunguka vizuri, haikushika. Nikaunganisha mashine ya kupimia, nikasoma B2796, ambayo kwa Toyota husema hakuna mawasiliano, yaani hakuna chipu iliyojibu au pete haisikii. Ingekuwa B2795, maana yake chipu imesomeka lakini si ya gari lile. B2793 ina maana kuna hitilafu upande wa chipu ya ufunguo. B2799 inaelekeza mbali na ufunguo, kwenye mazungumzo kati ya kompyuta ya ulinzi na ile ya injini, na hutokea sana pale mtu anapofunga kompyuta iliyotoka kwenye gari lingine. Kodi hizi hazitoi hukumu, zinakupa upande wa kuanzia.

Nilimwomba ufunguo wa pili. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza siku zote, kwa sababu ufunguo wa pili ukiwasha, basi pete, waya na kompyuta vyote ni vizima na kasoro iko mkononi mwako. Hakuwa nao, alinunua gari likiwa na ufunguo mmoja. Nikautazama ule tuliokuwa nao. Kava lilikuwa linang'aa, vitufe havijachujuka, wakati usukani na giya vimelika.

"Mwalimu, kava hili umebadilisha lini?"

"Ijumaa, fundi. Vitufe vilikuwa vimetoboka. Lakini aliyebadilisha alihamisha rimoti, mbona milango inafungua?"

Milango ilikuwa inafungua kweli, na ndiyo maana hakuushuku ufunguo. Rimoti ya milango ina betri yake na redio yake; chipu ya injini haihusiani nayo hata kidogo. Unaweza kuwa na rimoti nzima na chipu haipo, na unaweza kuwa na betri ya rimoti iliyokufa na injini ikawaka bila tatizo. Nilifungua kava jipya: rimoti ilikuwepo, na pembeni yake kulikuwa na kishimo kidogo cha mstatili kitupu.

"Kava la zamani liko wapi?"

Lilikuwa kwenye droo nyumbani. Kijana wake alilileta kwa bodaboda. Halikuwa na meno wala rimoti, ni plastiki tu iliyopasuka. Nilichomeka ufunguo mpya kwenye swichi, nikalishika lile kava bovu kwa vidole, nikaliegemeza kwenye pete. Taa ikazima. Nikapiga stata, injini ikashika kwa mpigo wa kwanza. Jaribio hilo la kuegemeza lina thamani kubwa: meno yanatoka ufunguo mmoja, chipu inatoka mwingine, na kama injini inawaka, umethibitisha pete yote na waya zake bila kufungua skrubu moja. Kama isingewaka hata hivyo, hatua yangu iliyofuata ingekuwa kushusha kava la usukani na kukagua plagi ya waya ya pete, hasa kwenye gari ambalo swichi yake imewahi kubadilishwa au limewahi kufungwa alamu ya nje. Plagi hiyo huachwa imelegea mara nyingi kuliko pete yenyewe inavyokufa.

Kuitoa chipu kwenye kava la zamani kulitaka utulivu, maana ilikuwa imegandishwa. Bisibisi ya kubinulia inaweza kuipasua, na ikipasuka haina dawa. Nilikata plastiki kwa wembe kidogo kidogo kuizunguka, nikaihamishia kwenye kile kishimo kitupu, nikaibana kwa tone la gundi.

Nilimshauri atengeneze ufunguo wa pili wiki hiyohiyo. Kuongeza ufunguo ukiwa na mmoja unaotambulika ni kazi nyepesi: gari linauamini ule wa kwanza na kukubali kumwandika mwenzake. Ukipoteza wote, hakuna wa kumtambulisha mgeni, na fundi analazimika kuiingilia kompyuta ya ulinzi yenyewe kwa vifaa maalumu, kazi ya bei tofauti kabisa. Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe wana ahueni moja: betri ya rimoti ikiisha, kwenye Toyota unagusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo, huku umekanyaga breki, unasubiri mlio kisha unabonyeza. Ndani ya rimoti hiyo kuna chipu ileile isiyohitaji betri.

Siku kumi baadaye mwalimu alinipigia simu. Taa inapepesa tena, injini haishiki, na safari hii ana funguo mbili, zote zimekataa. Nilimuuliza ameziweka wapi. Zote mbili zilikuwa kwenye pete moja ya funguo, moja imechomekwa kwenye swichi, nyingine inaning'inia chini yake na kuigusa. Antena ilikuwa inaamsha chipu mbili kwa wakati mmoja, zinajibu pamoja, na gari halielewi hata moja. Nikamwambia aitoe ya pili aiweke kwenye mkoba, kwenye kiti cha nyuma, kisha ajaribu. Nikiwa bado kwenye simu nikaisikia injini ikishika.